Muuzaji hakutangaza mauzo, VAT yangu imekataliwa: nifanye nini?

*"Hujambo. Mimi na mume wangu tuna kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi hapa Nakuru. Tarehe 3 Juni tulipata barua pepe kutoka KRA kwamba VAT tuliyodai kwa manunuzi ya Machi, shilingi 432,000, imekataliwa kwa sababu wauzaji watatu hawakutangaza mauzo hayo. Ankara za wote watatu tunazo na pesa tulilipa, ila mmoja bado anatudai 350,000. Mwingine simu yake haiingii tena. Je, tuilipe hii kodi mara ya pili? Mume wangu asema twende ofisini tuwaeleze. Mimi naogopa tutachelewa. Nimeambatisha notisi na ankara."*

Dada yangu, hofu yako ya kuchelewa ina msingi, kwa hiyo tuanze na tarehe. Nimeisoma notisi mliyotumiwa. Si ile barua ya awali ya kuwaarifu kwamba hesabu zenu na za wauzaji hazilingani. Hii ni tathmini ya kodi. Kwa ile ya awali mtu hujibu kwa kurekebisha ritani au kutoa maelezo. Kwa tathmini, njia ya kisheria ni moja, nayo ni pingamizi chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, ndani ya siku 30 tangu mlipoipokea. Notisi ikiingia kwenye barua pepe mliyosajili iTax, mmeshaipokea, hata kama hamkuifungua siku hiyo. Hesabu siku 30 kamili za kalenda, wikendi zikiwemo, na ujiwekee kwamba mwisho wenu ni tarehe 3 Julai.

Mume wako hakosei kutaka kwenda ofisini. Ofisa mzuri anaweza kuwaonyesha ni ankara zipi hasa zilizogoma, na hilo litawasaidia. Lakini mazungumzo ya dirishani si pingamizi, hata ofisa akiwaitikia kwa kichwa na kuwaambia "tutaliangalia." Nimewahi kumpokea mteja aliyekwenda ofisini mara nne, kila mara akiahidiwa, na siku ya arobaini akaletewa dai la malipo. Hakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alipinga. Nendeni, ila pingamizi liwekwe kwenye iTax na mhifadhi hati ya kukiri kupokelewa inayotoka kwenye mfumo.

Sasa nieleze kwa nini mlikataliwa, maana wengi huamini kwamba ukiwa na ankara na umelipa, basi deni la VAT ni la muuzaji peke yake. Kwa haki ya kawaida ya binadamu ni kweli: shilingi 16 kwa kila mia mlimpa yeye, na yeye ndiye aliyepaswa kuzifikisha serikalini. Lakini kupunguziwa VAT ya manunuzi, yaani kuitoa VAT mliyowalipa wauzaji kwenye VAT mnayopaswa kuipeleka KRA, ni haki yenye masharti. Kifungu cha 17 cha Sheria ya VAT ya 2013 kinataka uwe na nyaraka, na kinataka pia muuzaji aliyesajiliwa awe ameitangaza ankara hiyo katika ritani yake. Sharti moja likikosekana, punguzo halikubaliwi mpaka litimie, na kuna kikomo: miezi sita baada ya mwisho wa mwezi ambao mauzo yalifanyika. Kwa manunuzi yenu ya Machi, dirisha hilo linafungwa mwisho wa Septemba.

Mfumo unachofanya ni kulinganisha. Unachukua mlichoandika sehemu ya manunuzi kwenye ritani yenu, kisha unatafuta mstari unaofanana katika sehemu ya mauzo ya muuzaji: PIN yenu, namba ya ankara, tarehe na kiasi. Usipouona, unahesabu kwamba mauzo hayakutangazwa. Mfumo haujui kama muuzaji ni mwizi, ni mzembe, au karani wake alikosea tarakimu moja. Kwenye notisi yenu wauzaji watatu wamepewa sababu ileile, lakini nilipozifungua ankara mlizoambatisha nikaona mambo matatu tofauti kabisa, na kila moja lina dawa yake.

Muuzaji wa kwanza ni yule wa rangi: mali ya 600,000, VAT 96,000. Itazame ankara yake vizuri. Ni ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na ina namba ya kidhibiti, lakini mahali pa PIN ya mnunuzi ni patupu. Mliyemtuma kuchukua mzigo hakutaja PIN ya kampuni, na keshia akamuuzia kama mteja wa kawaida wa barabarani. Nina hakika kubwa kwamba muuzaji huyu alitangaza mauzo na kulipa kodi yake. Ila yaliingia kwenye fungu la mauzo kwa watu wasiosajiliwa, pasipo jina lenu. Hapa hakuna wa kugombana naye. Mwombeni atoe krediti noti ya kuifuta ankara ile, atoe mpya yenye PIN yenu, na awape barua fupi inayosema kwamba ankara mpya imechukua nafasi ya ile ya Machi na kwamba mauzo yale yalikuwemo kwenye ritani yake. Ankara mpya itakuwa na tarehe ya sasa, na ndiyo maana barua ni muhimu: bila hiyo, mkaguzi ataona ankara mbili na kudhani mlinunua mara mbili.

Kabla hamjamwendea, ingieni ukurasa wa kwanza wa iTax, mtafute `Invoice Number Checker`, mwandike namba ya ankara. Mkiona imo, mnajua ilifika KRA. Ila msishangilie mapema, maana kuna kosa ambalo hata wahasibu hulifanya hapa. Ankara kufika kwenye eTIMS ni jambo moja, na muuzaji kuwasilisha ritani yenye ankara hiyo ni jambo jingine. Sheria inazungumzia ritani. Muuzaji anaweza kutoa ankara safi ya eTIMS tarehe 12 Machi, kisha tarehe 20 Aprili ipite bila yeye kuwasilisha chochote.

Na hilo ndilo lililotokea kwa muuzaji wa pili, wa saruji na mabati: mali ya 1,300,000, VAT 208,000. Ankara zake ziko sawa, PIN yenu imo, namba zinakubali. Mwenyewe aliwaambia kwenye ujumbe kwamba "mhasibu alisafiri." Maana yake hakuwasilisha ritani ya Machi. Huyu anapatikana na bado anawadai 350,000, kwa hiyo mna nafasi ya kuzungumza mkisikilizwa.

Mwandikieni barua, si ujumbe wa simu tu. Mtajie namba za ankara, kiasi cha VAT, na tathmini mliyopata. Mwombeni awasilishe ritani ya Machi na awatumie risiti ya iTax ya kuwasilisha pamoja na ukurasa wa mauzo wenye ankara zenu. Mwelezeni kwa upole kwamba akichelewa adhabu ni yake: kuchelewesha ritani ya VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kinachozidi, na riba ni asilimia 1 kwa kila mwezi kodi inapokaa bila kulipwa. Wauzaji wengi hujificha kwa sababu hawana pesa ya kulipa kodi yote kwa mkupuo, wakidhani kwamba bila pesa hawawezi kuwasilisha. Mwambieni kwamba anaweza kuwasilisha sasa na kuomba KRA mpango wa kulipa kwa awamu. Sharti la kifungu cha 17 ni kutangaza, na akitangaza ninyi mmeokoka hata kama yeye bado anaendelea kulipa deni lake.

Kuhusu zile 350,000, ushauri wangu ni wa tahadhari. Msikatae tu kulipa, maana deni ni deni na anaweza kuwashtaki. Mpendekezeeni kwa maandishi kwamba sehemu inayolingana na VAT iliyokataliwa, yaani 208,000, isubiri hadi risiti ya ritani ije, na inayobaki, 142,000, mnailipa sasa. Akisaini, mko salama. Wengi hukubali, kwa kuwa 142,000 mkononi leo humsaidia hata kulipia sehemu ya kodi yenyewe.

Muuzaji wa tatu ndiye anayeniumiza kichwa. Kokoto na mbao: mali ya 800,000, VAT 128,000, na simu haiingii. Ingizeni PIN yake kwenye `PIN Checker` hapohapo iTax mwone kama bado iko hai na kama ana wajibu wa VAT. Hili ni swali kubwa, kwa sababu kama hakuwahi kusajiliwa kwa VAT, hakuwa na ruhusa ya kuwatoza hata shilingi moja ya VAT, na punguzo hilo mtalikosa moja kwa moja. Kama amesajiliwa lakini ametoweka, mnaingia kwenye kundi ambalo KRA hulitazama kwa jicho kali: watu wanaofungua kampuni, wanauza ankara bila kuuza mali, kisha wanapotea. Mnunuzi mwaminifu na mnunuzi wa ankara hewa, wote wawili huja na karatasi zinazofanana. Mkaguzi anawatofautisha kwa kuuliza kama mali ilisogea kweli.

Kwa hiyo ankara peke yake haitawaokoa hapa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipakodi, kwa mujibu wa kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi, na Baraza la Rufaa za Kodi pamoja na Mahakama Kuu zimerudia mara kadhaa kwamba KRA ikishatilia shaka, mlipakodi aonyeshe biashara yenyewe nyuma ya karatasi. Fuateni njia ya ile kokoto tangu mlipoiagiza hadi ilipotoka dukani kwenu. Mliagizaje, na ujumbe uko wapi? Lori lilikuwa la nani, namba yake ni ipi, na dereva alilipwa vipi? Nani aliisaini ile hati ya kupokelea mzigo? Daftari lenu la stoo linaonyesha iliingia lini? Na iliuzwa kwa nani? Hili la mwisho husahaulika, nalo lina nguvu kuliko yote. Kama tani zile mliziuza kwa mkandarasi fulani, mkamtoza VAT na mkaitangaza, basi ni vigumu kwa mtu kusema kwamba hazikuwahi kuwepo.

Malipo nayo yatazamwe kwa ukweli. Mlilipa jumla ya 928,000, yaani mali na VAT yake. Taarifa ya benki mliyoambatisha inaonyesha 600,000 zikienda kwenye akaunti yenye jina la kampuni ya muuzaji. Hiyo ni dhahabu. Zile 328,000 mlizompa taslimu hazina alama isipokuwa risiti aliyoandika kwa mkono. Semeni ukweli huo kwenye pingamizi kama ulivyo. Msitengeneze vocha leo na kuipa tarehe ya Machi. Nimeona kesi nzuri ikifa kwa sababu ya karatasi moja iliyotengenezwa baadaye. Mkaguzi akishaigundua haamini tena hata zilizo halali, na kosa linakuwa la udanganyifu badala ya kukosa nyaraka.

Na hata mkithibitisha yote hayo, kwa muuzaji huyu wa tatu herufi ya sheria iko upande wa KRA: mauzo hayakutangazwa kwenye ritani. Hoja yenu itakuwa kwamba mlifanya kila kilichokuwa ndani ya uwezo wenu, kwamba mali ilinunuliwa kweli, na kwamba mwenye mamlaka ya kumfuata muuzaji ni Kamishna, maana mnunuzi hana uwezo wa kumlazimisha mtu kuwasilisha ritani. Hoja hii imewahi kupokelewa vizuri, na imewahi kukataliwa. Singependa mwende mkiamini kwamba ushindi ni wa hakika.

Sasa pingamizi lenyewe. Ili likubalike kuwa halali lazima liseme wazi mnapinga nini, mnataka tathmini irekebishwe vipi, na kwa sababu gani. Nyaraka zote ziambatane nalo. Na kodi msiyoipinga iwe imelipwa au mmeshakubaliana na KRA namna ya kuilipa. Kuandika "tunapinga tathmini yote kwa kuwa si ya haki" ni kujifungia mlango. Gawanyeni barua kwa wauzaji watatu, kila mmoja na kiasi chake, maelezo yake na viambatisho vyake vilivyopewa namba. Ritani ya muuzaji wa pili isipokuwa tayari kufikia Julai 3, msiisubiri. Wekeni pingamizi na barua mliyomwandikia pamoja na majibu yake, mseme kwamba uthibitisho utafuata. KRA ikiwajibu kwamba pingamizi lina upungufu, jazeni upungufu huo mara moja.

Kuna mtego hapa ambao lazima niutaje. Wakati pingamizi linaendelea, muuzaji wa pili anaweza kuwasilisha ritani yake ya Machi, na karani wenu kwa furaha akaziingiza ankara zilezile kwenye ritani yenu ya Juni au Julai, kwa kuwa miezi sita haijaisha. Hapo mtakuwa mmedai mara mbili: mara moja kwenye Machi ambayo mnaipigania, na mara ya pili kwenye ritani mpya. Chagueni njia moja. Kwa ankara ambazo muuzaji amezitangaza kwa mwezi uleule wa Machi, mimi ningezibakiza Machi na kumpa Kamishna uthibitisho, kwa sababu tathmini ikifutwa, riba nayo inafutika. Kwa ile ankara mpya ya muuzaji wa rangi, kama ofisa anayeshughulikia pingamizi atataka idaiwe kwenye mwezi ilipotolewa, mwombeni aliseme hilo kwa maandishi, ndipo muidai humo, na muiondoe Machi. Kwa vyovyote, msivuke Septemba.

Swali lako la kulipa mara ya pili lina sura nyingine ambayo sikuiona ukiiuliza, nayo ni kodi ya mapato. Mtu akichoka husema, "hebu tukubali hizi 128,000 yaishe." Pengine ni uamuzi wa busara, na nitarudi hapo. Lakini namna mnavyokubali ina uzito. Mkiandika kwamba "manunuzi hayo hayakuwa sahihi," ofisa mwingine mwakani anaweza kuichukua barua hiyo na kuziondoa 800,000 kwenye gharama za kampuni. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo ni 240,000 nyingine, karibu mara mbili ya kile mlichodhani mmekimaliza. Kama mtaacha kuipigania VAT hiyo, andikeni kwamba mali ilinunuliwa na kupokelewa, uthibitisho ni huu, na kwamba mnakubali punguzo la VAT lisitolewe kwa sababu tu muuzaji hakutangaza.

Kamishna ana siku 60 za kuamua tangu apokee pingamizi halali, na zikipita bila uamuzi, sheria inalihesabu pingamizi kuwa limekubaliwa. Ndiyo maana ile hati ya kupokelewa ni ya kutunzwa kama hati ya shamba. Akiwakatalia, mna siku 30 za kupeleka notisi ya rufaa kwenye Baraza la Rufaa za Kodi, kisha siku 14 za kuwasilisha hoja na maelezo kamili. Ada ya kufungua ni shilingi 20,000, na hairudishwi hata mkishinda. Hata mkiwa Barazani bado mnaweza kuomba usuluhishi na KRA nje ya Baraza, na kwa kesi za nyaraka kama hii mara nyingi ndipo mambo humalizika, kwa sababu mnakaa meza moja na mtu na kumwonyesha karatasi moja baada ya nyingine.

Mkiniuliza ningefanya nini kama duka lingekuwa langu, ningepigania 96,000 na 208,000 kwa nguvu zote, maana hizo zina tiba na nyaraka zake zinapatikana. Kwa 128,000 ningeweka pingamizi na ushahidi wote, nione jibu. Likikataliwa, ningepima: ada, muda wa mtaalamu, na riba ya 1,280 kila mwezi upande mmoja, na upande mwingine nafasi ya kushinda ambayo si kubwa sana. Kama ushahidi wa lori na wa mauzo yenu ya baadaye ni imara, ningeenda kwenye usuluhishi. Kama ni dhaifu, ningelipa kwa awamu na kumfuata muuzaji kwa madai ya kawaida mahakamani, iwapo ataonekana.

Mambo mawili yakitokea, msiendelee kwa kusoma tu majibu kama haya. La kwanza ni barua ikitoka kwa idara ya uchunguzi, au mkiitwa kutoa maelezo kuhusu muuzaji wa tatu. Hapo msiende peke yenu, na msisaini maelezo yoyote kabla wakili wa kodi hajayasoma. La pili ni tarehe 3 Julai ikiwapita. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana kwa ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, lakini ombi hilo liandikwe na mtu anayelijua, tena ndani ya siku chache. Tafuteni mtaalamu hapo Nakuru mwenye leseni ya wakala wa kodi, mumpelekee faili lote la Machi pamoja na daftari la stoo, na kesho asubuhi kabla ya duka kufunguliwa mpigieni simu yule muuzaji wa rangi. Huyo hana sababu ya kuwakatalia, na krediti noti yake haichukui hata saa moja.